Flashi ya Mayala na Jicho la Precious

Mimi na Mayala tuligawana fremu moja ya biashara pale Igogo. Yeye alikaa ndani na kamera yake, mimi nikakaa mlangoni na cherehani, na katikati yetu kulikuwa na pazia la kanga lililokwisha rangi. Watu wakiniuliza kama ni mume wangu, nilikuwa nawajibu kwamba ningekuwa na mume wa namna ile ningeshajitupa ziwani. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa ananichosha. Mtu mwema anachosha, jamani, tusidanganyane. Unagombana naye, yeye anakuuliza kama umekula.

Alikuwa Msukuma wa Magu, mtoto wa wakulima wa pamba, na jina lake alipewa kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa. Kamera alijifunzia ukubwani, akaja mjini nayo, akaoa, akafiwa na mke, akabaki na kamera. Enzi zake alipiga harusi, ubatizo, vyeti, misiba, yaani hapakuwa na sebule Igogo isiyokuwa na picha yake ukutani. Halafu zikaja simu. Kila mtu akawa mpiga picha, na Mayala akabaki na watu wa picha ndogo za vitambulisho na wale wachache ambao mama zao kijijini wanataka picha ya karatasi, ya kuning'iniza.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa betri. Betri za flashi yake zikichoka hakuwa anazitupa. Alikuwa anazianika juu ya bati, kama watu wanavyoanika dagaa, na jua likizipasha anazirudisha kwenye flashi na kazi inaendelea. Hilo lisingenihusu kama asingekuwa anachukua na za redio yangu. Nikimwambia kwamba hizo zimekufa, redio yenyewe imeshindwa kuongea, ananiambia ndiyo maana nimezichukua, Dorcas, kwako hazina kazi tena.

Nikamuuliza inawezekanaje, betri isiyoweza kuifanya redio inong'one iweze kuwasha mwanga wa kupofusha chumba kizima. Akafurahi kuulizwa. Mimi nilijuta, maana niliacha suruali ya mteja mguu mmoja. Aliniambia kwamba ndani ya flashi kuna kitu kinaitwa kapasita, kina ukubwa wa kidole gumba, na kazi yake ni kukusanya. Betri inakitilia umeme kidogo kidogo. Ule mlio mwembamba kama wa mbu unaousikia kabla ya picha ni volti sita za betri zikipandishwa mpaka kama mia tatu ili kapasita ijae. Ikijaa, kataa kadogo kekundu, yaani taa ndogo ya mgongoni mwa flashi, kanawaka. Hapo ukibonyeza, umeme wote uliokusanywa unamwagika kwa mpigo ndani ya mrija wa kioo wenye gesi, muda mfupi kuliko kope kushuka.

"Ni kama bomba letu," alisema. "Linadondoka tone tone, unatega ndoo, unaenda zako sokoni. Ndoo ikijaa, ukimmwagia mtu kichwani yote mara moja, atadhani ameangukiwa na ziwa. Lakini ni ndoo ile ile moja, Dorcas. Haijaongezeka."

Nishati yote ya mwako mmoja, alisema, taa ya nyumbani huimaliza kwa sekunde chache tu, wakati mtu anatafuta viatu. Kinachoifanya iwe kali ni haraka, siyo wingi. Betri iliyochoka bado ina kijiko cha umeme, ila haiwezi kukitoa kwa nguvu. Redio inataka sasa hivi, flashi inakubali kungoja. Na kungoja kwenyewe alikuwa mkali nako. Wateja wakikunja sura za kuchoka kutabasamu, yeye hafyatui mpaka kataa kawake, kwa sababu ukifyatua volti zikiwa nusu, alisema, hupati nusu ya mwanga, unapata robo. Nikamwambia elimu yote hiyo na bado unaiba betri za mwanamke.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda la Nathaniel, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mtu wa kazi, hana maneno, na alikuwa anampenda mtoto wake mpaka watu wanamcheka. Mkewe, Rebeka, alitokea upande wa Bukoba, Mluteri wa kwaya. Mtoto wao alikuwa Precious. Hakuwa amefikisha miaka mitatu na tayari alikuwa mwizi wa vifungo vyangu. Alikuwa anakuja, anasema shikamoo kabla hajaonekana, anaondoka na mkono umefumba. Nilikuwa namwona na namwacha. Nilikuwa nampenda yule mtoto, nisiseme nini na nini.

Picha yenyewe ilipigwa Jumapili aliyobatizwa. Mama yake Rebeka, Kokuberwa, alikuwa ameagiza kutoka Bukoba picha ya karatasi ya mjukuu, na kwa Wahaya mama mkwe akiagiza, mkwe hachelewi. Nathaniel alikuja nao, amevaa suti niliyompunguzia mimi. Mayala akafunga pazia, chumba kikawa na giza kidogo, akamweka mtoto kwenye stuli, akangoja mlio wa mbu uishe, kataa kakawaka, akafyatua. Precious alicheka, akataka tena. Mayala akampiga tena.

Jumatatu Mayala aliniita nyuma ya pazia nitazame kompyuta. Ukipiga flashi chumba chenye giza, mtu akitazama kamera, mboni zinatoka nyekundu. Hilo nilikuwa nalijua, maana yeye kila siku alikuwa anazifuta zirudi nyeusi kabla ya kuchapa. Jicho moja la Precious lilikuwa jekundu. La pili lilikuwa jeupe. Jeupe kama tone la maziwa, au jicho la paka taa ya gari ikimmulika. Na kwenye picha ya pili hivyo hivyo, jicho lile lile.

Angeweza kulifuta. Ilikuwa kazi ya dakika, na kila mtu angefurahi. Mayala hakulifuta. Alisema huo wekundu ni mwanga unaoingia ukagonga nyama ya nyuma ya jicho, ukarudi na rangi ya damu, ndiyo afya yenyewe. Sasa hapa kuna kitu kimekaa njiani kinaurudisha mweupe. Alichapa ile picha kama ilivyo, akavuka barabara, akawaambia wazazi wampeleke mtoto kwa daktari wa macho, tena upesi.

Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona kila kitu. Nathaniel aliishika ile picha muda mrefu. Halafu akampakata mtoto, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akamgeuza tena, na kwa upande mmoja akakiona kweli, kile cheupe, ndani kabisa. Uso wake ulibadilika. Akamuuliza Mayala, kwa sauti ya chini, kama jicho hilo lilikuwa hivyo kabla ya Jumapili. Mayala akasema hajui, yeye ameliona kwenye picha tu.

"Basi umemchoma," Nathaniel akasema. "Umemchoma mwanangu jicho."

Nataka mnielewe, Nathaniel hakuwa mjinga. Watu wanaomwita mjinga leo ni wale wale waliokuwa upande wake. Yule alikuwa fundi wa kuchomelea, na hakuna mtu anayejua mwanga unavyochoma jicho kama fundi wa kuchomelea. Mara ngapi alirudi nyumbani macho yamejaa kitu kama mchanga, anapiga mayowe kama mwanamke mwenye uchungu, Rebeka anamkatia vipande vya kiazi mbichi na kumbandikia gizani mpaka maumivu yapite. Mwanga mweupe wenye ubluu, wa ghafla: huo anaujua kwa mwili wake. Sasa mtoto amepigwa mwanga mweupe wenye ubluu machoni, mara mbili, na kesho yake jicho lina kitu. Angefikiri nini kingine? Na kwa kuwa ndivyo alivyoelewa ugonjwa, ndivyo alivyoutibu. Alimfungia Precious kwenye chumba cha giza, akamwekea viazi. Kwake yeye lile jicho lingepona gizani, kama la kwake lilivyopona kila mara. Hospitali ya nini kwa kitu ambacho dawa yake iko jikoni?

Mayala alijaribu kusema kwamba flashi haina nishati ya kumchoma mtu. Hakusikilizwa. Akaenda tena, akafukuzwa. Mwishoni mjumbe wa mtaa akaona heri waongee mbele ya watu, akawaita kwenye baraza letu, na majirani wakaja na stuli zao. Niliwakatia miwa wakae kwa adabu.

Mayala alijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Alichukua betri kwenye redio yangu, safari hii kwa ruhusa, zikiwa zimechoka kabisa, akazianika asubuhi nzima. Mbele ya wote akazirudisha kwenye redio. Redio ikanong'ona, ikakata. Akazitoa zile zile, akazitia kwenye flashi, akasema tungoje. Tulingoja, tukachoka, kile kimbu kinalia kwa shida kama kinataka kufa. Kataa kakawaka. Akaielekeza ukutani, akafyatua, na baraza zima likawa jeupe, watu wakafumba macho.

Akawaeleza habari ya bomba na ndoo. Aliieleza vizuri, hata mjumbe alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Akasema betri iliyoshindwa kuipa redio sauti haiwezi kutoa moto wa kuchoma jicho la mtoto aliyekaa mbali kiasi kile, tena katika mwanga huo unaotawanyika chumba kizima, jichoni kinaingia kitu kidogo mno. Akamgeukia Nathaniel, akamwambia kwamba yeye anawasha moto wake kutwa nzima, umeme unamiminika kutoka kwenye nguzo bila kukoma, na huu unakwisha kabla hujapepesa. Niliona Nathaniel anaanza kulegea. Naapa niliona. Rebeka alikuwa amesogea mbele kwenye stuli yake.

Kama angenyamaza hapo! Lakini Mayala alikuwa mtu wa kueleza mpaka mwisho, hawezi kumwacha mtu na nusu ya jambo. Mjumbe akauliza hiyo kapasita ikoje, na Mayala akaenda ndani akaleta flashi nzee iliyovunjika mrija, akaifungua, akaionyesha. Akasema ni hii, ndogo hivi, hakuna kitu. Akaijaza ili waone. Halafu, kwa sababu huwezi kuiacha imejaa, itamkamata mtu hata betri zikiwa zimeshatolewa, akachukua bisibisi yenye mpini wa plastiki na kuigusisha miguu miwili ya kapasita ili kuimwaga.

Ikalia pa! Cheche ya bluu ikaruka, mwanamke mmoja akamwaga chai, na hewa ikanuka chuma kilichoungua.

Nathaniel aliinuka, akaichukua ile bisibisi mkononi mwa Mayala, akapitisha kidole gumba kwenye ncha. Kulikuwa na kishimo. Chuma kilikuwa kimeyeyuka pale, kidogo, kama kichwa cha pini. Akampa mjumbe akipapase.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Hiki ndicho ninachofanya mimi kila siku. Kama kinakula chuma, jicho la mtoto ni nini?"

Mayala akasema kwamba kimeyeyuka kwa sababu ndoo yote imemwagwa juu ya nukta moja, kiasi ni kile kile kidogo, shikeni bisibisi muone, haijapata hata joto. Ilikuwa kweli. Mimi niliishika, ilikuwa baridi. Lakini nani anasikiliza kiasi baada ya kusikia mlipuko? Stuli zilikuwa zimeshaanza kuinuliwa. Rebeka alikuwa anamtazama Mayala kama mtu aliyemwona nyoka chini ya kitanda. Nilimchukia Mayala siku ile kwa ukweli wake wote, nikamwambia pumbavu, ulikuwa umeshinda. Aliokota miwa iliyotafunwa, akafagia.

Baada ya hapo hakuna mtu aliyemleta mtoto kwetu. Vijana wa mtaani walimpa jina, Mchomeleaji, na akipita wanajifunika macho wanacheka. Yeye hakulalamika kwa hilo. Kilichomtesa ni mtoto. Alikuwa anakwenda ng'ambo kila baada ya siku chache, anasimama mbali na banda, anasema maneno yale yale, mpelekeni, nitawasindikiza mimi mwenyewe, na Nathaniel anashusha miwani yake myeusi na kuwasha moto mpaka aondoke. Alimfuata mchungaji. Mchungaji akasema ataongea nao, na aliongea, wakamwambia mtoto anaendelea vizuri. Kweli hakuwa analia. Jicho lile halikuwa linauma, ndiyo ubaya wake.

Mimi nilikwenda kwa Rebeka kwa hila ya kumpima mtoto gauni. Precious alikuwa gizani, anacheza na vifungo vyangu. Alinijua kwa sauti. Nilimwambia Rebeka yote niliyoweza, nikaongea mpaka nikawa mkali, naye akalia, akasema baba yake Precious amekataa, na viazi vinasaidia, ona halijavimba. Sikio la kufa, nilisema nikitoka, na maneno yale nayajutia kuliko yote niliyowahi kuyasema kinywani.

Mvua zilikuja zikaisha. Asubuhi moja Rebeka akaingia na mtoto mgongoni amemfunika kanga kichwani, mume akiwa ameenda Nyegezi kufunga geti. Alifika mpaka nyuma ya pazia bila salamu. Akamwambia, kaka Mayala, mpige. Nataka nione kama pamepungua.

Fikirieni. Mwanamke anaamini mwanga ule ndio uliomchoma mwanawe, na anauomba tena, kwa sababu hana kitu kingine cha kumwonyesha ndani ya lile jicho. Mayala alitia betri mpya, sijawahi kumwona anatia mpya zote, na ule mlio ukapanda haraka. Kataa kakawaka. Precious alisikia mlio akaukumbuka, akacheka kabla.

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Macho yote mawili yalikuwa meupe.

Jicho la pili hakuna aliyejua kwamba linaumwa, halikuwa na dalili. Rebeka alilitazama, na nikaona anaelewa: picha ya Jumapili ile ilikuwa na jicho moja jekundu, zima, na flashi ile ile ilimpiga macho yote mawili. Kama mwanga ndio ungechoma, ungechoma yote siku moja. Lilikuwa jambo rahisi hivyo, na mpaka leo sijui kwa nini sisi wote pale barazani, na miwa yetu, hatukuliona. Hata Mayala hakuliona.

Walikwenda hospitali kubwa kutoka pale pale, Mayala amembeba mtoto. Daktari aliiomba ile picha ya kwanza, akaangalia tarehe, akauliza ilikuwa wapi siku zote hizi. Ulikuwa ni uvimbe wa saratani, alisema, mtoto amezaliwa na mbegu yake. Ukiwahiwa, wengi wanapona. Huu ulikuwa umeshatoka kwenye jicho umefuata mshipa kwenda kichwani. Walimtoa jicho moja, wakampa dawa, akapoteza nywele, akaniuliza vifungo vyangu ninaviweka wapi siku hizi. Nilimpa kopo zima. Hakuwa anaviona tena, alikuwa anavihesabu kwa vidole.

Alizikwa kabla ya mavuno ya mpunga. Msibani nikasikia mtu anasema mficha maradhi kilio humfichua, nikamwambia funga domo lako. Hakuna aliyeficha. Ugonjwa ulichapwa kwenye karatasi ya kung'aa, ukaletwa mpaka mlangoni.

Lakini la msiba siyo ninalolikumbuka zaidi. Ni asubuhi ya siku ya kuaga, Nathaniel alipovuka barabara. Alikuwa amevaa ile suti. Hakuwa na macho ya mtu aliye hai. Alisimama kwenye pazia, akasema wanataka picha ya kuweka juu ya jeneza, na picha ya mtoto akiwa na nywele waliyonayo nyumbani ni ile ya ubatizo tu.

Akaiweka mezani. Akasema, "Naomba unifutie kile cheupe."

Mayala akawasha kompyuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sindano mkononi. Alilisogeza jicho karibu, akagusa mara moja, na weupe ukaisha. Jicho likawa jeusi, zuri, linacheka. Nathaniel alilitazama.

"Ni rahisi hivyo?"

"Ni rahisi," Mayala akasema.

"Na siku ile ungeweza."

"Ningeweza."

Nathaniel akakaa kwenye stuli, ile aliyokalia mtoto, akajifunika uso kwa mikono yake ya fundi yenye makovu. Mayala akachapa picha, akasubiri wino ukauke, akaitia kwenye fremu, akaifuta kioo, akampa. Wakatoka pamoja kwenda msibani, Mayala akiwa amebeba picha kwa sababu mwenzake hakuweza.

Flashi iko juu ya rafu mpaka leo, haina betri. Mayala amekwisha kuimwaga, haina kitu ndani. Picha za vitambulisho anapigia nje, juani. Betri za redio zikiisha sasa nazianika mwenyewe, na hakuna anayezichukua.